Kile Kiswahili Alichokiacha

Chuoni tulifundishwa kuandika barua yoyote mara mbili: kwanza kwenye daftari, kisha, baada ya kusahihisha, kwenye karatasi ya kutumwa. Kwa sababu ya mazoea hayo nimebaki na daftari la mwaka wangu wa kwanza wa kazi, na ndani yake imo nakala ya barua ambayo kwa wiki kadhaa niliiona kuwa ndiyo bora kuliko zote nilizopata kuandika. Nikiisoma leo naona haya, lakini sijawahi kuichana.

Nilikuwa nimepangwa kufundisha elimu ya watu wazima katika kijiji kimojawapo cha Mtinko, kaskazini mwa mji wa Singida, wakati watu walipokuwa wanahamishwa kutoka kwenye maboma yao yaliyotawanyika na kupangwa kwa mistari kando ya barabara. Mimi ni Mnyiramba. Wenyeji wangu walikuwa Wanyaturu, na lugha zetu, ingawa ni jirani, hazikutosha kwa mazungumzo marefu, hivyo tulikutana katika Kiswahili. Asubuhi nilisaidia shule ya msingi. Alasiri, wanawake wakishatoka shambani, niliwafundisha kusoma chini ya paa la ghala lililokuwa halijapata kuta. Baada ya somo walibaki wachache waliotaka kuandikiwa barua.

Mmoja wao alikuwa mjane ambaye darasa zima lilimwita bibi, ingawa nadhani hakuwa amefikisha miaka sitini. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mazoea ya kukaa pembeni mwa darasa ili aone mbuzi wake. Nyumba yake ilikuwa tayari kando ya barabara, hivyo hakuhamishwa. Marehemu mumewe alikuwa Mgogo aliyekuja huko kufuata ng'ombe na asirudi kwao. Kwa kuwa mke hakujua Kigogo na mume hakujifunza Kinyaturu sawasawa, nyumba yao ilikuwa moja ya nyumba chache za pale ambamo watoto walilelewa kwa Kiswahili. Mtoto aliyebaki hai alikuwa mmoja, mwanamume, aliyekwenda Tanga kukata mkonge kama manamba na kukaa huko miaka saba.

"Shikamoo, bibi," nilimwambia siku ile alipokuja mezani.

"Marahaba. Kalamu yako ina wino?"

"Ina wino."

"Basi andika. Mwenyekiti amesema wakimaliza mavuno wanapima viwanja. Mwenye mtu, mtu wake awepo. Asiyekuwepo hapimiwi. Mimi nataka mwanangu awe hapa, ubavuni kwangu. Sio kule mwisho, kwa watu nisiowajua."

Hilo ndilo lililokuwa hatarini, na alilieleza kwa maneno hayo machache. Kama mwanawe asingefika kabla ya vigingi kupigwa chini, kiwanja cha kando yake kingepewa mtu mwingine, naye angezeeka kati ya wageni. Nilianza kuandika. Akanyoosha mkono akafunika karatasi.

"Ngoja kwanza. Usiniandikie hiki Kiswahili cha mkutanoni. Niandikie kile cha zamani."

Nakumbuka vizuri jinsi moyo wangu ulivyoruka. Chuoni nilikuwa nimempata mwalimu mmoja aliyetufundisha tenzi za kale za pwani, na katika wanafunzi wote wa bara waliokuwa wakilalamika kwamba maneno yale hayasemwi na mtu yeyote aliye hai, mimi nilikuwa mmoja wa wawili walioyapenda. Nilikuwa na orodha yake nyuma ya daftari: mtima kwa moyo, mato kwa macho, ndia kwa njia, nti kwa nchi, pulika kwa sikiliza. Kwa mwaka mzima sikuwa nimempata mtu wa kunihitaji niyatumie, na sasa mwanamke wa Mtinko, asiyejua kusoma, ananiomba Kiswahili cha zamani! Nilijiambia kwamba pengine ujuzi huo ulifika huku na misafara, ukakaa kwenye nyumba chache bila watu kujua.

Sikumuuliza ana maana gani. Nilimwambia tu, "Niachie mpaka kesho, bibi. Kile kinataka utulivu."

"Barua tu?" aliuliza.

Niliifanyia kazi jioni yote. Nilianza kwa ubeti:

*Mwana wangu we pulika,*
*mtima wasononeka,*
*na mato yamefumbika*
*kwa kuingojea ndia.*

Nilikusudia kusema kwamba macho ya mama yamechoka kwa kutazama barabara. Baada ya beti tatu za namna hiyo niliingia kwenye maneno ya kawaida, lakini yenye vazi lilelile, na habari ya kiwanja nikaiweka mwisho: kwamba kipande chetu cha nti ki karibu kupimwa, na kwamba ni tamaa ya mzazi wako ulale ubavuni pake.

Kesho yake nilimsomea. Aliketi wima, mikono mapajani, kama mtu aliye msikitini. Nilipomaliza aliuliza:

"Umemwambia aje?"

"Nimemwambia, bibi. Ipo mwishoni."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Nilipokea maneno hayo kama sifa. Barua ikaenda mjini na mwalimu mkuu aliyefuata mishahara, ikatiwa posta.

Jibu lilichukua wiki tano, na halikuja kwake. Lilikuja kwa mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene, mpole, ambaye alikuwa amejifunza kusema "kutekeleza" na "wajibu wa kila mwanakijiji" na kuyasema hata anapoomba maji ya kunywa. Alikuja kwenye ghala na bahasha mkononi, akaniita kando.

"Mwalimu, yule mama wa Mgogo yupo?"

"Yupo, anaandika jina lake."

"Mzima?"

"Mzima kabisa. Kwa nini?"

Akanipa karatasi. Ilikuwa imeandikwa na karani wa kambi ya mkonge kwa niaba ya kijana wetu. Ilisema kwamba amepokea habari ya msiba wa mama yake kwa majonzi makubwa, kwamba amekaa matanga siku tatu na wenzake kambini, na kwamba anakishukuru kijiji kwa kumpatia mama yake mahali pa kulala. Kuja haikuwezekana tena, kwani mazishi yalikwishapita, naye nyumbani hakubakiwa na mtu. Mbuzi wagawiwe majirani waliomuuguza.

Nilisoma mara mbili. Sikuelewa. Nilimrudia bibi kwa sababu sikuwa na njia ya kumficha, na mwenyekiti, ambaye hakuweza kuficha kitu, alikuwa tayari anamkazia macho kana kwamba anahakiki.

"Mbona mnanitazama hivyo?" bibi akauliza.

"Bibi," nilisema, "mwanao amepata barua. Ameelewa kwamba umekufa."

Wanawake darasani wakaacha kuandika. Bibi akaweka penseli chini polepole.

"Nimekufa na nini?"

"Haikusema."

"Na mbuzi?"

"Amesema wagawiwe."

Hapo alicheka, kicheko kikavu cha puani, na wenzake wakacheka pamoja naye, mmoja akapiga kelele kwamba yeye anamtaka yule beberu. Lakini kicheko chake kilikoma kabla ya cha wenzake. Akasema kwa sauti ndogo, "Amekaa matanga. Amenilia mtoto wangu." Kisha akageukia mwenyekiti. "Viwanja lini?"

"Kwa mujibu wa ratiba, ndugu mama, mara tu baada ya mavuno..."

"Nauliza lini."

"Mwezi ujao, mama."

Alasiri ile nilichukua daftari langu na kwenda kwa maalim aliyefundisha watoto Kurani, nyuma ya msikiti mdogo wa bati. Babu yake alikuwa ametoka pwani na misafara, naye ndiye mtu pekee niliyefikiri angeweza kuniambia kosa liko wapi. Nilijua liko mahali fulani, lakini kwa ukweli wa siku ile nilifikiri liko kwa karani wa kambi.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Leo Wakristo wamenikumbuka."

Nilimpa daftari bila maelezo. Alisoma akitikisa kichwa kwa mapigo ya ubeti, na uso wake ukajaa furaha, kisha huruma. Akainua macho.

"Zuri," alisema. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, maalim! Ni mama anamwita mwanawe."

"Mama gani?"

Nikamtajia.

Aliweka daftari gotini, akaondoa miwani. "Mwanangu, maneno haya mimi nayajua. Lakini niambie, watu wa hapa wanayasikia wapi? Mtima, mato, pulika. Wanayasikia siku ya maulidi, na wanayasikia tukitoka makaburini, ninapowasomea ule utenzi wa babu. Hakuna mahali pengine. Huyo kijana tangu azaliwe hajasikia mtu mzima akimwambia 'pulika' ila kuna maiti. Na karani, ikiwa ni mtu wa pwani, ndiyo zaidi. Mato yamefumbika! Nti yapimwa! Alale ubavuni! Angeelewa nini?"

"Lakini yeye mwenyewe aliniambia anataka Kiswahili cha zamani."

"Alisema hivyo tu?"

Nilijaribu kukumbuka, na hapo ndipo nilipoyasikia maneno yake yote kwa mara ya kwanza. Alikuwa amesema: usiniandikie hiki cha mkutanoni. Nilikuwa nimeikamata nusu ya pili kwa pupa na kuiacha ya kwanza ianguke. Hakuwa anaomba lugha ya miaka mia mbili iliyopita. Alikuwa anaomba lugha ya miaka saba iliyopita, ile iliyokuwa ikisemwa uani kwake kabla watu hawajaanza kuitana ndugu na kutekeleza.

"Zamani yake ni fupi," maalim alisema. "Yako ndiyo ndefu."

Nilipoondoka alinizuia mlangoni. Alikuwa na karatasi za babu yake, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mchwa walikuwa wamezianza. Aliniomba, kama malipo ya ushauri, nikae naye siku za Ijumaa baada ya sala, yeye asome nami niandike kwa herufi za shule. Nikakubali, kwa udadisi zaidi kuliko kwa shukrani.

Lakini kwanza nilirudi kwa bibi. Nilimkuta anakamua mbuzi.

"Bibi, nilikosea. Tuandike tena, na safari hii useme wewe. Nitaandika kama unavyosema."

"Hata nikisema vibaya?"

"Hata ukisema vibaya."

Aliendelea kukamua. "Utaandika 'mpendwa'?"

"Barua huanza hivyo."

"Mimi hata baba yake sikumwita mpendwa. Nikimwita yeye mpendwa atajua kweli nimekufa. Weka 'Wewe'."

Nikaweka Wewe. Nakala yake ipo kwenye daftari, kurasa nne baada ya ile nyingine, na sikusahihisha kitu:

*Wewe. Mimi mama yako. Mimi nipo, sijafa. Nani kakwambia nimekufa? Mwalimu aliandika maneno makubwa, ni mtoto bado, usimkasirikie. Yule ng'ombe wa baka jeupe amezaa, jike. Ukuta wa upande wa kuku umeanguka tena, palepale ulipokandika ukiwa na haraka ya kwenda kucheza. Nilikwambia. Mbuzi hagawiwi mtu. Wanapima viwanja mwezi ujao, nataka uchukue cha hapa karibu na mimi, usipokuja anapewa mtu mwingine na mimi sitaki mtu mwingine. Jembe lako lipo, mpini umeliwa. Ukija pitia Mkiwa, usipite kwingine, kule lori zinalala njiani. Kula kabla hujapanda gari. Mimi mama yako.*

Kalamu yangu ilisita mara nyingi. Pale alipotaja ukuta nilitaka kumwambia kwamba jambo hilo halihusiani na barua. Pale alipotaka kuandikwa mara mbili kwamba yeye ni mama nilitaka kuondoa mara moja. Na hilo "ni mtoto bado" lilinichoma. Nilipomsomea hakukaa kama mtu wa msikitini. Alikuwa akiingilia, akipinga, akiongeza, na mwishoni alisema, "Hapo. Huyo ni mimi."

Tulikuwa na wiki nne. Nilizipitisha kwa kungoja na kwa Ijumaa tatu za maalim, na sijui kama ningejifunza kitu kutoka kwa barua ile bila Ijumaa zile. Kwa maana kule msikitini nilifanya kosa langu upya, safari hii kwa upande wa pili. Nikiwa nimeshaogopa maneno makubwa, nilianza kuyapunguza. Maalim aliposoma "mato" niliandika "macho". Aliposoma "muyi" niliandika "mji", nikidhani nawasaidia watakaokuja kusoma. Ijumaa ya pili alichukua daftari akanisoma mimi.

"Hii 'macho' imetoka wapi?"

"Ni neno lilelile, maalim. Watu wataelewa."

"Watu wakitaka kuelewa waniulize, nitawafasiria. Lakini babu hakusema macho. Umemvua kanzu ukamvika kaptula." Akanirudishia daftari. "Andika kama lilivyo."

Niliona ajabu kwamba mtu huyu, ambaye kweli alitaka lugha ya kale, hakuwa ameomba kitu cha "zamani" hata mara moja. Alisema "kama lilivyo". Na yule aliyeomba cha "zamani" alitaka maneno ya jikoni kwake. Kwa hiyo neno lenyewe halikuwa linaniambia kitu. Nilianza kutazama vitu vingine: maandishi yanakwenda kwa nani, mtu huyo akiyasikia anapaswa kumsikia nani, na je, anayeomba anataka jambo lihifadhiwe au lifanyike. Babu wa maalim alikuwa wa kuhifadhiwa. Mwana wa bibi alikuwa wa kuja.

Hilo la mwisho halikuwa na hakika. Mavuno ya uwele yalikwisha, hakuna barua iliyorudi. Mwenyekiti akaanza kuzunguka na kamba na vigingi, akifuatwa na kamati yake. Alikuwa mtu mwema na alianzia upande wa mbali na nyumba ya bibi, bila kusema kwa nini. Lakini mstari wa kwanza ukaisha, na wa pili, na siku ya Jumatano walikuwa katikati ya mstari wa tatu, nyumba sita kutoka kwake. Bibi hakuja darasani. Alikuwa amechukua kigoda na kukiweka katikati ya uwanja mtupu ulio kando ya nyumba yake, akakaa hapo anachambua mboga.

Nilikwenda kukaa naye, kwa sababu nilikuwa na deni.

"Labda barua haikufika," nilisema.

"Imefika."

"Umejuaje?"

"Ingekuwa haijafika ningekuwa bado nimekufa. Sijisikii kufa."

Mchana ule ule, kabla kigingi cha nyumba ya nne kutoka kwake hakijapigwa, tulimwona mtu anakuja kwa miguu kutoka upande wa barabara kuu, amebeba sanduku la bati begani. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kwa msiba, nywele zimeanza kuota tena kama mabua mafupi. Alifika mpaka penye uzio wa miiba akasimama. Hakuingia. Alimtazama mwanamke aliyekaa kwenye kigoda, akanitazama mimi, akamtazama tena. Baadaye alituambia kwamba karani alipomsomea barua ya pili watu wa kambini walimwonya: barua zote mbili zina jina la mama mmoja, na hakuna ajuaye ni ipi ya kweli. Alipanda treni mpaka Itigi, na lori kupitia Mkiwa, akiwa hajui anakwenda kwa mama au kwa kaburi.

"Shikamoo, mama," alisema kutoka kule uziani, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza.

Bibi hakuitika marahaba mara moja. Alimaliza jani alilokuwa analichambua.

"Umekula?" akasema.

Yule mwanamume aliweka sanduku chini, akakaa juu yake palepale nje ya uzio, akafunika uso kwa mikono miwili. Wajumbe wa kamati waliokuwa na kamba waliacha kuvuta. Mwenyekiti alifungua kinywa, nami nikaogopa kwamba atasema jambo kuhusu wajibu wa kila mwanakijiji, lakini alikifunga.

"Nakuuliza umekula," bibi alirudia. "Nilikwambia ule kabla hujapanda gari."

"Sijala, mama."

"Haya. Ingia basi, unakaa nje kama mgeni. Na hicho kichwa funika, watu wanacheka."

Hakuna aliyekuwa anacheka. Aliingia. Nilisimama ili nimpishe, na mama yake akanishika mkono akaniketisha tena, akanionyesha kwa kidevu. "Huyu ndiye aliyeniua," alimwambia. "Mwamkie."

Kigingi cha kiwanja cha mwanawe kilipigwa kesho yake asubuhi, pale kigoda kilipokuwa.